Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: asainmenti ya onyesho ambalo ugomvi hausemwi

Hii nimeiweka pamoja kwa ajili ya wale wanaosoma sanaa za maonyesho na wamepewa ile kazi ya "andika onyesho la watu wawili, kurasa mbili au tatu, mgogoro uonekane bila kuelezwa". Nimeshasahihisha nyingi sana na maswali ni yaleyale, so badala ya kujibu mmojammoja nimeandika hapa. Mfano ni mmoja tu kuanzia juu hadi chini, dada na mdogo wake wa Pangani, ukielewa huo mingine utaitengeneza mwenyewe.

Kwani "bila kuelezwa" manake nini hasa? Si lazima watu waongee?

Waongee, tena waongee vizuri. Ila wanachoongea kiwe kitu kimoja na wanachogombania kiwe kingine. Wengine wanaita sabteksti, mi naona ni rahisi zaidi kusema kuna mazungumzo ya juu na mazungumzo ya chini. Juu watu wanaongelea wavu uliochanika. Chini wanaongelea nani anamwacha nani. Mtazamaji anasikia ya juu na anaona ya chini, na kazi ya kuyaunganisha ni yake, hapo ndo anaanza kusogea mbele kwenye kiti.

Mfano wa zamani unaofundishwa karibu kila mahali ni wa Anton Chekhov, ile tamthilia yake ya bustani ya micheri iliyochezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1904. Mwishoni kuna Lopakhin na Varya, nyumba nzima inategemea jamaa amchumbie binti, wameachwa chumbani peke yao makusudi. Varya anajifanya anatafuta kitu kwenye mizigo. Wanaongelea anaenda kuishi wapi, wanaongelea baridi, Varya anasema kipimajoto chao kimevunjika. Mtu anaita kutoka nje, Lopakhin anatoka mbio, basi. Ndoa imekufa pale na neno ndoa wala halijatajwa na yeyote kati yao. Hakuna aliyesema "nakupenda lakini naogopa". Ni kipimajoto tu.

Mimi nimeandika na mwalimu kaandika pembeni "wanaeleza mno". Anamaanisha nini?

Anamaanisha hivi:

MWANAHAWA: Hamadi, nimesikia umeuza ngalawa ya marehemu baba bila kuniambia. Nimeumia sana, nahisi umenisaliti.
HAMADI: Dada, nimechoka na umaskini. Nataka kwenda Maskati kutafuta kazi. Na wewe tangu baba afariki unanichukulia kama mtoto.
MWANAHAWA: Mimi ndiye niliyekulea! Leo unaniacha peke yangu!

Hapa ugomvi upo na kila kitu kinaeleweka, ndo shida yenyewe. Kila mmoja anajijua kabisa anahisi nini na kwa nini, na anamtangazia mwenzie kama anasoma ripoti. Watu waliogombana hawako hivyo. Afu angalia, baada ya laini tatu onyesho limeisha, hamna kilichobaki cha kugundua, ukiendelea utabaki kurudia hayohayo kwa sauti kubwa zaidi.

Dalili za haraka kwenye kazi yako: neno "nahisi" likitokea na jina la hisia mbele yake, mtu akimwambia mwenzie jambo ambalo wote wanalijua ("kama unavyojua, baba alifariki mwaka jana"), na laini zinazoanza na "tangu siku ile". Zikate kwanza afu uone kinachobaki.

Naanzia wapi sasa? Nikikaa kuandika yanatoka maelezo tu.

Usianze na mazungumzo. Kabla ya laini ya kwanza andika majibu ya vitu vinne kwenye karatasi nyingine, ambayo huikusanyi.

La kwanza, kila mmoja anataka nini kutoka kwa mwenzie ndani ya dakika hizi. Sio maishani. Mwanahawa anataka Hamadi aseme mwenyewe kwamba kauza ngalawa. Hamadi anataka kuondoka kabla hajaulizwa, lakini pia anataka radhi za dada yake bila kuziomba. Ona hizo mbili zinavyovutana.

La pili, nani anajua nini. Hapa ndo wengi wanapoteza. Mwanahawa ameshajua. Hamadi hajui kwamba dada anajua. Mtazamaji anajua anachojua Mwanahawa. Ukibadilisha lolote kati ya hayo matatu, onyesho linakuwa jingine. Ikiwa hakuna anayeficha chochote na wote wanajua sawa, hautapata ya chini hata uandike kwa ustadi gani.

La tatu, kwa nini haisemwi. Lazima iwepo sababu ya kufunga mdomo yenye nguvu kuliko hamu ya kusema. Mwanahawa akiuliza moja kwa moja atakuwa amemnyang'anya nafasi ya kukiri, na akikiri kwa kubanwa haina thamani kwake. Hamadi akisema, atazuiwa, au mbaya zaidi hatazuiwa. Kama wewe mwandishi huna sababu hii, wahusika wako watakuwa wanazungukazunguka tu na msomaji atakasirika, "si waseme tu yaishe".

La nne, mikono yao inafanya nini. Wape kazi ya kweli, yenye mwanzo na mwisho, inayoweza kukwama. Kunywa chai sio kazi. Mimi nimewapa wavu, wanaushona, kwa ajili ya chombo ambacho si chao tena. Kazi yenyewe imeshakuwa uongo kabla hata hawajafungua mdomo.

Tuonyeshe basi likiwa limeandikwa vizuri.

Haya. Sio kamilifu ila linafanya kazi.

*(Pangani. Uani, jioni. Wavu umetandazwa toka mlangoni hadi kwenye mwarobaini. MWANAHAWA, miaka 34, amekaa kwenye kibao anashona. MTOTO anaingia na kamba iliyokunjwa.)*

MTOTO: Shikamoo Bi Mwanahawa. Mama Saidi kasema hii ilibaki ndani ya ngalawa. Si yao.
MWANAHAWA: Marahaba. Mwambie nimeipata.

*(Mtoto anatoka. Mwanahawa anaiangalia kamba, anaiweka kwenye kibao, anaikalia. HAMADI, miaka 22, anaingia. Amevaa viatu vipya.)*

HAMADI: Shikamoo dada.
MWANAHAWA: Vua viatu, utaukanyaga.
HAMADI: Napita tu.
MWANAHAWA: Nishikie upande huo.

*(Anachuchumaa. Havui viatu.)*

HAMADI: Huu si umeshakwisha huu. Ungeuacha tu.
MWANAHAWA: Matundu manne.
HAMADI: Na uzi wenyewe ulivyopanda bei.
MWANAHAWA: Nimenunua roli mbili.
HAMADI: Mbili?
MWANAHAWA: Bamvua Ijumaa. Utataka kutoka mapema.

*(Kimya.)*

HAMADI: Nasikia Ijumaa kuna upepo.
MWANAHAWA: Kasema nani?
HAMADI: Watu. Kule pwani.
MWANAHAWA: Watu wa pwani wanasema mengi. *(Anakata uzi kwa meno.)* Ule mrengu ulikuwa unalegea. Uliufunga?
HAMADI: Uko sawa.
MWANAHAWA: Uliufunga kwa kamba gani?
HAMADI: Uko sawa, dada. Hautamsumbua mtu.
MWANAHAWA: Hautamsumbua mtu. Haya.

*(Anashona.)*

HAMADI: Nikuchotee maji?
MWANAHAWA: Nimeshachota. Nazoea.

*(Kimya.)*

MWANAHAWA: Koti la baba nimelianika pale. Lichukue.
HAMADI: Na joto lote hili?
MWANAHAWA: Alfajiri kuna baridi.
HAMADI: Wapi?
MWANAHAWA: Baharini, Hamadi. We ulidhani wapi?

*(Hamadi anavua viatu. Anabaki navyo mkononi, hajui aviweke wapi.)*

HAMADI: Nipe sindano.
MWANAHAWA: Hujui kushona.
HAMADI: Si unifundishe.
MWANAHAWA: Kesho.

*(Anaendelea kushona. Hamadi ameshika upande wake wa wavu.)*

Mbona ameuza ngalawa haijasemwa popote? Msomaji atajuaje?

Kwa kamba. Kamba yao inarudishwa na watu wengine, "ilibaki ndani ya ngalawa, si yao", yaani ngalawa sasa iko kwa Mama Saidi. Mwanahawa anaikalia asije akaiona Hamadi. Hapo tayari mtazamaji ana kila kitu anachohitaji na hatukutumia hata nusu dakika. Kuanzia hapo kila swali la Mwanahawa ni mtego na tunamwona Hamadi akiingia kwa miguu yake mwenyewe, na viatu vipya.

Hii ndo nataka ukumbuke kuhusu kuficha, kwamba hufichi kila kitu kwa kila mtu. Mtazamaji lazima apewe ufunguo mmoja, na apewe mapema, tena awe ameuona kwa macho. Nilipoandika mara ya kwanza sikuwa na yule mtoto, onyesho lilianza Hamadi akiingia moja kwa moja. Nikawapa watu wawili wasome, mmoja akasema ni dada mkorofi anamfanyisha kazi mdogo wake. Alikuwa sahihi, nilichoandika kilikuwa hicho. Nikamwongeza mtoto na laini yake moja, basi, laini nyingine zote zikabaki vilevile lakini zikabadilika maana.

Hii si ndo mafumbo? Sisi watu wa pwani tunajua mafumbo tangu utotoni.

Swali zuri kuliko yote na karibu kila darasa linaulizwa. Hapana, sio kitu kimoja, japo vinakaa jirani.

Fumbo linarushwa ili limpate mtu. Ukivaa kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" ukapita mbele ya jirani unayemlenga, unataka aisome, aelewe na aumie, na mpasho wa taarabu ndo hivyohivyo, anayeimbiwa anajijua na ukumbi mzima unamjua. Ujumbe uko wazi, kilichofichwa ni jina la anayelengwa tu. Ya chini ninayoiongelea hapa mara nyingi inakwenda kinyume, mhusika anajitahidi isimtoke na inamtoka hivyohivyo, kwenye viatu, kwenye kunyamaza, kwenye roli mbili za uzi.

Kwa hiyo Mwanahawa angesema "siku hizi watu wanauza hata vya urithi", hilo lingekuwa fumbo, Hamadi angejua ameshajulikana na mchezo ungeishia pale. Sio kosa kutumia fumbo, ila ujue ni silaha nzito, ni hatua moja kabla ya kusema wazi. Kwenye kurasa tatu unaweza kutumia moja, karibu na mwisho, pale mtu anaposhindwa kujizuia. Hapa juu lililokaribia ni "watu wa pwani wanasema mengi", na bado Hamadi anaweza kulichukua kama maneno ya kawaida. Hiyo nafasi ya kujifanya hujaelewa, mwachie kila mhusika.

Salamu niziweke au zinapoteza nafasi?

Kwenye tamthilia za lugha nyingine wanakwambia kata salamu, ingia katikati ya jambo. Kwetu usikate kirahisi, salamu zetu zinabeba mzigo. Mdogo akisema shikamoo, jibu ni marahaba, linatoka lenyewe hata ukiwa na hasira. Mtoto wa jirani anaitikiwa. Hamadi haitikiwi, anaambiwa avue viatu. Mtazamaji yeyote wa Kiswahili atalisikia pengo hilo, na sikuandika "(kwa hasira)" popote.

Na kuitana pia. Hamadi anasema "dada" anapotaka kujificha nyuma ya heshima. Mwanahawa anamtaja jina mara moja tu, pale kwenye "Baharini, Hamadi". Ukilitaja jina kila laini moja, hiyo ya mwisho haitasikika.

Maelekezo ya jukwaani niandike mengi kiasi gani? Si ndo mahali pa kueleza hisia?

Hapana jamani. Hapo ndo watu wanapitisha magendo, wamefunga mdomo wa mhusika halafu wanaandika "(kwa uchungu, akikumbuka jinsi baba yao alivyompenda Hamadi)". Mwigizaji atachezaje hiyo? Andika kinachoonekana au kusikika tu. Anakata uzi kwa meno. Havui viatu. Anabaki navyo mkononi. Kama ni kitu ambacho mtu aliyekaa safu ya nyuma hawezi kukiona wala kukisikia, kifute.

"Kimya" nayo usiimwage. Mimi nimeweka mbili kwenye onyesho zima. Ya kwanza iko baada ya Ijumaa kwa sababu hapo Hamadi anatafuta uongo, unamchukua muda. Kila kimya kiwe na mtu anayefanya kitu ndani ya kichwa chake, na wewe ujue ni kitu gani.

Naruhusiwa mtu apige kelele au alie?

Ruhusa unayo. Ila apige kelele kwa kitu cha juu. Hamadi anaweza kufoka kuhusu bei ya uzi, kufoka kwelikweli, na tukajua si uzi unaofokewa. Kilio kinanipa shida zaidi kwa sababu mtu akilia mwenzie inabidi aulize "unalia nini", na ukishaandika swali hilo umeshaufungua mlango wa maelezo.

Nikimaliza, nitajuaje kama imefanya kazi au nimeficha sana?

Mpe mtu ambaye hujamsimulia chochote. Asome mara moja. Muulize vitu viwili tu: kila mmoja anataka nini, na nani anamficha nani. Usimuulize "umependa?", hiyo haikusaidii. Akijibu yote mawili kwa maneno yake uko vizuri. Akikujibu neno kwa neno kama ulivyoandika, umeeleza, rudi ukate. Akisema "sijaelewa, wanashona wavu tu", umeficha mno na dawa yake sio kuongeza laini za maelezo katikati, dawa ni kurudi juu na kutia ufunguo, kama yule mtoto na kamba.

Kipimo kingine cha haraka, funika majina ya wahusika usome laini tupu. Kama huwezi kujua nani kasema ipi, basi wote wawili wanataka kitu kimoja au wanaongea kwa mdomo wako wewe. Laini za Mwanahawa nyingi ni amri, maswali au majibu mafupi. Za Hamadi ni visingizio, anajitolea kufanya vitu ili asikae. Sikuyapanga kwa ajili ya urembo, yametoka kwenye kile kila mmoja anachotaka.

Urefu? Tumeambiwa dakika tatu.

Soma kwa sauti na saa, na kazi za mikono uzifanye kweli, usiziruke. Hilo la juu ukilisoma harakaharaka litaisha mapema sana ila likichezwa, na kukata uzi na viatu na kimya, linajivuta. Wengi wanaongeza maneno kujaza muda halafu jukwaani wanavuka dakika.

Tumeambiwa pia tuambatanishe maelezo ya ukurasa mmoja. Huko naeleza?

Huko eleza mpaka uchoke, ndo mahali pake. Lakini usisimulie hadithi upya. Chagua sehemu mbili au tatu na useme ya juu ni nini, ya chini ni nini na umetumia nini kuipitisha. Mfano: "Mwanahawa anapotoa koti na kusema alfajiri kuna baridi, juu anaongelea uvuvi. Chini anamwambia anajua anasafiri, na anamfungia mzigo. Hamadi anauliza 'wapi?' kwa sababu anahofia kujulikana. Anavua viatu baada ya kugundua huenda ameshajulikana." Sentensi nne, inatosha kwa sehemu moja. Kama huwezi kuandika hivyo kuhusu laini unayoipenda, inawezekana laini hiyo haina kitu chini.

Niishie wapi? Si lazima ukweli utoke mwishoni?

Sio lazima, na kwenye kazi fupi hivi mi ningekushauri usitoe. Mwanafunzi mmoja aliniuliza mbona Mwanahawa asiinuke mwisho, kamba ionekane, Hamadi aione. Ni picha nzuri kweli. Lakini Hamadi akiiona kamba tunahitaji onyesho jingine, lazima mmoja aseme kitu, na hatuna kurasa. Mimi mwenyewe nilijaribu kumaliza na Mwanahawa akiitikia "Marahaba" kwa kuchelewa, baada ya kimya kirefu. Nikalala nayo siku mbili nikaifuta, ilikuwa inajionyesha, unasikia mwandishi anajipongeza.

Nikaishia kwenye "Kesho". Kijana ameomba kufundishwa, kwa mara ya kwanza kaomba kitu cha kweli, na dada anamjibu kwa siku ambayo anajua kijana hatakuwepo. Anaweza kuwa anamwadhibu. Anaweza kuwa anamwachia nafasi ya mwisho aseme "kesho sipo". Waigizaji wawili tofauti wataichezea tofauti na zote zitakuwa sawa, mi nimewahi kuona hiyo ya pili ikichezwa, Hamadi alifungua mdomo kabisa, akaufunga, akaendelea kushika wavu.